Mtandio wa wifi yangu na picha tatu zisizokubaliana



Wengi mmeniuliza kuhusu lile gauni la zambarau lenye shanga kifuani, lililovaliwa na wifi yangu. Kuna aliyeuliza nimepiga picha ile wapi, na kuna aliyeuliza kama mtandio nauuza pamoja na gauni. Picha imepigwa uani kwetu, mbele ya ukuta wa jikoni. Mtandio siuuzi, kwa sababu ule mnaouona umetoka nusu kwenye kichwa cha wifi yangu na nusu kwenye kompyuta. Nimeona bora nieleze mwanzo mpaka mwisho, maana ndani yake mna kazi ambayo mwenye biashara ya nguo akiifahamu itamfaa, na mna jambo la kuhadhari pia.

Gauni lile nilikuwa nimelishona kwa bi harusi aliyeko Maskati. Harusi ilikuwa Shaaban, na mtu wa kulichukua alikuwa anaondoka na ndege ya jioni. Mchana ule nikamwomba wifi yangu alivae kidogo nipate picha ya kuweka kwenye ukurasa wangu. Alikubali kwa sharti moja, kwamba asionekane nywele wala shingo. Tukapiga kama picha kumi. Upepo ulikuwa mwingi, na zile zilizotoka vizuri za mtandio zilikuwa na ukungu kwenye shanga. Moja tu ilikuwa safi kabisa, shanga unazihesabu moja moja, ila ndani ya ile moja upepo ulikuwa umeuvuta mtandio. Shingo ya upande wa kulia ilikuwa wazi, na kishungi cha nywele kimechungulia mbele ya sikio. Nilikuja kuligundua hilo usiku, gauni likiwa limeshafika Maskati.

Basi ilikuwa ama niiache picha, ama niuongeze mtandio kwa akili mnemba.

Kabla sijaendelea lazima nikiri kosa langu la mwaka uliopita. Nilitumia akili mnemba hiyohiyo kusafisha picha ya gauni jingine, nikachukua toleo la kwanza lililonivutia macho nikalirusha mtandaoni. Sikuangalia kwamba programu ilikuwa imezigusa shanga za mikononi na kuzichora upya, nzuri kuliko zangu. Akaja mteja akataka "kama la kwenye picha". Nikamshonea kama nilivyoshona la mwanzo, na alipolipokea akanitumia picha mbili kwa pamoja: ile ya ukurasa wangu na gauni lililo mkononi mwake. Mtindo wa shanga haukuwa mmoja. Nikamrudishia pesa zake zote. Sote tunakijua kile kisa cha Mtume, rehema na amani zimshukie, alipotia mkono kwenye rundo la chakula sokoni akakuta chini kumeloa. Mimi rundo langu sikulilowesha kusudi, lakini mteja hakuniuliza kusudi langu.

Kwa hiyo safari hii nilijiwekea mpaka: gauni lisiguswe hata nukta moja, na uso wa wifi yangu usiguswe. Kinachoongezwa ni kitambaa cha mtandio tu.

Kwanza nikamwendea mwenyewe. Nikamwambia, "Wifi, picha ipo moja tu nzuri na shingo imeonekana. Naweza kuifunika, lakini ile programu haifanyi kazi ndani ya kompyuta yangu peke yake, inaipeleka picha kwenye kompyuta za kampuni huko nje, kisha inarudi."

Akanitazama. "Kwa hiyo shingo yangu itasafiri kwanza ndipo ifunikwe?"

Alisema kweli. Nikalala nalo jambo hilo, na asubuhi nikaona njia. Niliifungua picha kwenye Photoshop, nikachukua brashi ya kawaida, nikachota rangi ya mchanga kutoka kwenye mtandio wenyewe, nikaipaka juu ya shingo na zile nywele mpaka pakawa kama kipande cha karatasi kilichobandikwa. Hii si akili mnemba, ni rangi tu. Nikahifadhi kama picha mpya ya JPEG, nikaifunga ile ya asili, na kazi yote iliyofuata nikaifanya kwenye hii mpya. JPEG haina tabaka, kwa hiyo chini ya ile rangi hapakuwa na kitu tena. Nilipomwonesha wifi yangu lile bandiko la karatasi shingoni, akacheka, akasema hilo liende hata China.

Sasa kazi yenyewe. Nilizungushia sehemu ninayoitaka kwa Lasso, kuanzia mbele ya sikio, chini ya taya, mpaka begani juu ya shanga, nikiacha iingie kidogo kwenye mtandio halisi ili programu ione kitambaa inachotakiwa kukifuata. Nikabonyeza Generative Fill, nikaandika maneno machache kwa Kiingereza, `sand colored chiffon headscarf covering the neck`, kisha Generate. Baada ya muda mfupi yakaja matoleo matatu. Programu niliyotumia ndivyo ilivyokuwa, haikunipa jibu moja, ilinipa matatu, nayo yalijipanga kama vipicha vidogo upande wa kulia penye Properties. Ukibonyeza kimoja, ndicho kinachokaa kwenye picha.

Hapa ndipo nilipokosea mwaka jana. Ukiyatazama matatu kwa udogo ule, jicho linachagua kama linavyochagua kitambaa dukani, kwa mvuto wa mara moja. Ya kuuliza siyo ipi nzuri. Uliza kila moja limefanya nini mahali gani. Nikaikuza picha mpaka 100%, nikachukua daftari langu la vipimo, nikaandika sehemu nne: ukingo wa taya, mikunjo chini ya kidevu, kitambaa chenyewe, na pale mtandio unapokutana na gauni. Halafu nikapita sehemu moja moja nikibadilisha matoleo, moja, mbili, tatu, badala ya kupita toleo moja moja.

Toleo la kwanza lilikuwa na mikunjo chini ya kidevu ambayo wallahi hata mimi nisingeifunga vile. Inateremka mshazari, membamba juu, inapanuka chini, kama shifoni inavyofanya kweli. Lakini lilikuwa limeipunguza taya ya wifi yangu. Si sana, ni kama upana wa uzi. Tena ana kidoti cheusi pembeni ya kidevu, nacho kilikuwa kimefutwa.

Toleo la pili lilikuwa na kitambaa sahihi. Rangi ileile, wepesi uleule, mwanga unatoka kushoto kama kwenye picha, na pale mbele ya sikio pamefunikwa barabara. Tatizo lake lilikuwa chini. Mtandio ulikuwa umeshuka mno ukala safu mbili za juu za shanga, na shanga zilizobaki karibu na ukingo zikawa kama mtama uliomwagika, hazina kamba wala mpangilio.

Toleo la tatu kitambaa chake kilikuwa kizito kama pamba, tena kimeelekea umanjano. Lakini mtandio uliishia palepale nilipotaka, juu ya shanga, na ulitupa kivuli chembamba juu ya gauni. Kile kivuli ndicho kinachomfanya mtu aamini kwamba nguo mbili zimelaliana. Matoleo mengine mawili hayakuwa nacho.

Mwenye haraka angebonyeza Generate tena akaletewa matatu mengine, halafu matatu mengine, akingoja lije moja lisilo na kasoro. Nimewahi kufanya hivyo, na nilichojifunza ni kwamba kasoro inahama tu. Taya ikipona, shanga zinaumwa. Afadhali kukata. Sisi mafundi tunajua, gauni halitoki kwenye kipande kimoja cha kitambaa.

Cha kukatia ni ile inayoitwa mask, mimi naiita barakoa. Mabibi wa Unguja wa zamani walivaa barakoa usoni, kwa hiyo neno si geni kwetu. Barakoa ya kwenye kompyuta ni picha ya nyeusi na nyeupe iliyofungwa kwenye tabaka. Palipopakwa nyeupe tabaka linaonekana, palipopakwa nyeusi linafichika na unaona lililo chini yake, na kijivu kinaonesha nusu. Inaficha tu, haifuti. Ukikosea unapaka rangi ya pili na kitu kinarudi. Ndiyo maana nilipaka ile rangi ya mchanga mwanzoni. Ningeficha shingo kwa barakoa tu, basi yeyote atakayelipata faili la kazi angeizima barakoa kwa mbofyo mmoja.

Nilifanya hivi. Tabaka lile la akili mnemba nililinakili kwa `Ctrl+J` mara mbili, nikawa nayo matatu. Kila nakala inabeba matoleo yote matatu ndani yake, kwa hiyo nikachagua moja kwenye kila nakala, nikayapa majina: MIKUNJO, KITAMBAA, BEGA. Usiache kuyapa majina. Baada ya nusu saa yote yanafanana.

Lipi liwe chini? Nilishawishika na MIKUNJO kwa kuwa ndilo zuri. Lakini la chini ni msingi, ndilo litakaloonekana eneo kubwa kuliko mengine, na kitu kigumu kukirekebisha baadaye ni mwanga na rangi ya kitambaa. Mikunjo unaweza kuiazima. Mwanga ukiwa wa upande mwingine huwezi kuuazima hata ufanye nini. Toleo lenye mwanga wa kulia ningelitupa moja kwa moja, hata likiwa na mikunjo ya peponi. Kwa hiyo KITAMBAA likawa chini, na mengine mawili juu yake.

Kuna jambo dogo lililonisumbua siku ya kwanza nalo nitalieleza. Tabaka la akili mnemba linakuja tayari na barakoa yake, yenye umbo la ile sehemu uliyoizungushia. Ukianza kupaka humo unaliharibu lile umbo, na ukitaka kurudi nyuma hujui mpaka ulikuwa wapi. Dawa yake ni kuliingiza tabaka ndani ya kundi kwa `Ctrl+G`, kisha kuliwekea kundi barakoa yake mpya. Ukishikilia `Alt` unapobonyeza kitufe cha barakoa, inakuja nyeusi yote, yaani kundi lote limefichika. Hapo unachukua brashi kwa `B`, rangi nyeupe, na unafunua kile unachokitaka tu. `X` inabadilisha nyeupe na nyeusi.

Nikaanza na MIKUNJO. Nilipaka nyeupe chini ya kidevu kwa brashi laini, nikitegemea ulaini utaficha kiungo. Ikatoka mbaya. Pale ambapo mkunjo wa toleo la kwanza ulikutana na mkunjo wa toleo la pili palionekana mikunjo miwili hafifu imelaliana, kama unavyoona kitu chini ya maji. Ukiona mkunjo unayeyuka katikati ya safari badala ya kuisha kwenye ukingo au ndani ya mkunjo mwingine, jua barakoa yako ni laini mno mahali hapo.

Nikakumbuka kazi yangu mwenyewe. Ukiunga kitambaa cha maua huungi katikati ya ua, unatafuta mahali ua linapokwisha, na kama gauni lina marinda unauficha mshono ndani ya rinda. Nikafuta, nikapunguza ukubwa wa brashi kwa `[` na kuufanya ukingo wake kuwa mgumu zaidi, nikaufuata mstari wa kivuli wa mkunjo mmoja mkubwa kutoka chini ya sikio mpaka kifuani. Upande huu wa mkunjo ni toleo la kwanza, upande ule ni la pili, na kiungo kimelala ndani ya kivuli. Hata mimi niliyekiweka nilikitafuta. Brashi laini niliibakisha kwa sehemu moja tu, pale nyuma ya bega ambapo kitambaa chenyewe kilikuwa na ukungu kwenye picha.

BEGA lilinichukua muda mrefu zaidi kwa sababu ya ule umanjano. Nilifunua sehemu ya chini tu, ukingo wa mtandio na kivuli chake, kiungo nikakipitisha kwenye mkunjo uliolala juu ya bega. Rangi ikanisaliti hapohapo, chini imekuwa kama chai ya maziwa na juu ni mchanga. Nikaweka Curves juu ya tabaka lile, nikalifunga lisiguse matabaka mengine kwa kubonyeza `Alt` kati ya tabaka mbili, nikachagua Blue nikapandisha mstari kidogo sana katikati. Buluu ikipanda, manjano inashuka. Uzito kama wa pamba sikuweza kuuondoa. Nilichofanya ni kupunguza eneo, nikabakisha utepe mwembamba wa ukingo na kivuli, na kwenye utepe mwembamba jicho haliwezi kutambua kama ni pamba au shifoni.

Sasa zikabaki taya na shanga, na hapa ndipo penye jambo ninalotaka mlishike kuliko yote. Kwenye sehemu hizi mbili hakuna toleo lililokuwa sawa. La kwanza liliipunguza taya, la pili liliharibu shanga, na la tatu, ambalo nilidhani limeziacha salama, nalo lilikuwa limezigusa. Sikuliona kwa macho. Nililiona kwa njia hii: bonyeza pale panapoandikwa Normal juu ya orodha ya tabaka, chagua Difference. Picha inakuwa nyeusi kila mahali ambapo tabaka na picha iliyo chini yake vinafanana, na panapotofautiana panang'aa. Niliyazima mengine nikalitazama la tatu peke yake juu ya picha. Mtandio uling'aa, nilitegemea hivyo. Lakini safu ya juu ya shanga nayo ilikuwa na nukta nukta za mwanga, kwa sababu nilipozungushia kwa Lasso mkono ulishuka nikazigusa. Programu huchora upya kila kilichomo ndani ya mzunguko, hata kile ambacho hukukitaja. Pembeni ya taya nako palikuwa na uzi wa mwanga.

Toleo la nne, basi, ni picha yenyewe. Mara nyingi ndilo bora mahali fulani, ila hatulihesabu kwa kuwa halikuletwa na mashine. Nikayachukua makundi yote nikayatia ndani ya kundi moja kubwa, nikalipa barakoa nyeupe, na humo nikapaka nyeusi juu ya shanga. Zikarudi zangu, safu saba, na ile moja iliyokaa upande ambayo niliiona nikiwa nimeshachelewa kuifumua. Sikuwahi kufurahi kuiona kasoro yangu kama siku ile.

Taya niliifanya kwa brashi ndogo kabisa yenye ukingo mgumu, picha nimeikuza 300%. Ukipita nje ya taya kwa nukta mbili unafunua kilicho chini. Kwangu ilikuwa ile rangi ya karatasi, na ilijitokeza mara mbili kama ukoko mweupe chini ya kidevu, nikairudisha kwa nyeupe. Ingekuwa nimefanya kazi juu ya picha ya asili ingejitokeza ngozi. Kidoti kikarudi mahali pake.

Mwishoni nilishikilia `Alt` nikabonyeza kila barakoa ili niione yenyewe, nyeusi na nyeupe tupu. Kwenye picha vidoa haviwezi kuonekana, kwenye barakoa vinaonekana kama makombo juu ya mkeka. Nilikuta vitatu, nikavifuta. Halafu nikaona mtandio mpya umekuwa msafi kupita kiasi, wakati picha ya simu yangu ina chengachenga kila mahali. Nikaongeza chengachenga kidogo kwa Add Noise juu ya mtandio tu, kiasi ambacho ukiikuza huwezi kusema hapa pana mpaka.

Yote hii ilinichukua usiku mmoja baada ya Isha, na asubuhi baada ya kupeleka watoto skuli. Si kila picha inastahili. Kama matoleo yana mikunjo inayokwenda pande tofauti kabisa hutapata mahali pa kuficha mshono, na hapo ni bora kuzungushia kile kipande kibaya peke yake na kukiomba upya. Kwa matoleo niliyotumia mimi, kipande kidogo hutoka kikali kuliko kikubwa. Ukizungushia eneo kubwa mno kitambaa kinatoka chororo, hakina nyuzi. Na kama gauni bado liko ndani, livaliwe tena, mupige picha nyingine. Dakika tano za uani zinashinda usiku wa kompyuta.

Nilihifadhi JPEG, na chini ya picha nikaandika kwamba mtandio umerefushwa kwa kompyuta na gauni ni kama lilivyoshonwa. Lakini kabla ya kuiweka popote nikampelekea wifi yangu. Yeye ndiye mwenye shingo.

Alikuwa anachambua mchele. Akafuta mikono, akaichukua simu, akaikuza picha kwa vidole viwili. Akaangalia sikio, akaangalia taya, akaguna. "Kidoti changu kipo," akasema. Nikaona nimemaliza. Akateremka na vidole mpaka begani, akatulia hapo.

"Wifi, hii pini ya nani?"

"Pini gani?"

"Hii hapa. Ya fedha. Mimi siku ile sikuvaa pini, ndiyo maana upepo ukanivua mtandio."

Nikaichukua simu. Kweli, kwenye ule utepe wa BEGA, pale mtandio unapolala juu ya gauni, palikuwa na kipini kidogo kinachong'aa, kizuri, kimebana kitambaa vizuri kabisa. Nilikuwa nimekiona mara mia. Kilivyokuwa mahali ambapo pini hukaa, jicho langu lilikipitisha kama kitu cha wifi yangu, nami kwenye daftari sikuwa na sehemu ya tano ya kuuliza ni kitu gani hapa ambacho hakikuwepo.

Nikarudi ndani. Nikachagua barakoa ya BEGA, brashi ndogo, nyeusi. Pini ikaondoka, na chini yake kikatokea kitambaa cha toleo la pili, ambacho bahati nzuri mahali pale kilikuwa kitupu. Nikamrudishia. Akaangalia tena, safari hii mpaka kucha, akanirudishia simu na kuendelea na mchele wake.

"Sasa weka," akasema.